Naomba ushauri: nimeisahihisha chatboti kuhusu saa za Kiswahili, ikakubali kosa, lakini kwa mwenzangu imekosea vilevile

Mpokeaji wa Wagonjwa

Habari zenu, wanajukwaa. Ninafanya kazi mapokezi katika zahanati moja ya binafsi. Mfumo wetu wa miadi uko kwa Kiingereza, kwa hiyo kila wiki tunaiomba chatboti itugeuzie orodha ya miadi iwe ujumbe mfupi wa Kiswahili wa kuwatumia wagonjwa. Mwezi uliopita ilipokuta 8:30 a.m. iliandika "saa 8:30", nasi hatukuliona kosa hilo kabla ya kutuma. Bibi mmoja mwenye kisukari, ambaye ujumbe ulimwambia afike bila kula chochote kwa ajili ya kipimo, alifika saa nane na nusu mchana akiwa hajatia kitu kinywani tangu usiku. Nilipompokea kadi yake mikono ilikuwa inatetemeka na kanga yake imelowa jasho shingoni. Muuguzi alimpima sukari akaikuta imeshuka, akampa chai yenye sukari nyingi pale pale kwenye benchi.

Siku hiyo hiyo niliiandikia chatboti maelezo marefu: kwamba sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, kwamba 8:30 a.m. ni saa 2:30 asubuhi, na kwamba saa 8:30 ni ya mchana. Ilinishukuru kwa kuisahihisha, ikasema italizingatia hilo kuanzia sasa, na kweli ujumbe wote uliobaki siku ile ulitoka sahihi. Wiki iliyofuata mwenzangu wa zamu aliifungua kwenye simu yake, ikarudia kosa lile lile. Nilipofungua mazungumzo mapya kwenye kompyuta yangu, na mimi ikanikosea. Naomba kuelimishwa: ile ahadi ilikuwa na maana gani? Je, kila mmoja wetu aisahihishe mpaka izoee, au kuna mahali pa kupeleka marekebisho yakawafikia wote?

Kijana wa Mwenge

Pole sana, dada. Nadhani mnatumia toleo la zamani la programu. Sasisheni kwenye simu zote mbili, kisha mjaribu tena.

Asha wa Pwani

Dada, tatizo ni kwamba hujawasha kumbukumbu. Yangu inajua kwamba nina watoto wawili na kwamba sipendi majibu marefu, na sijairudia habari hiyo tangu mwaka jana. Kwa hiyo hujifunza, ila ni lazima uiruhusu kwenye mipangilio. Ukiiwasha, marekebisho yako yatabaki, na kwa kuwa ni programu ile ile, hata mwenzako atayakuta.

Fundi wa Mifumo

Asha amepatia nusu ya kwanza, lakini hiyo ya mwisho sivyo ilivyo, na ndiyo inayomhusu mwuliza swali. Nitaeleza kwa kutumia kitu ambacho yeye hukishika kila siku, yaani faili la mgonjwa.

Fikiria daktari wa zamu asiyemkumbuka mgonjwa yeyote. Kila mgonjwa anapoingia, daktari hukabidhiwa faili, hulisoma lote kuanzia ukurasa wa kwanza, hutoa jibu moja, kisha husahau kila kitu. Mgonjwa akiongeza neno, neno hilo huandikwa mwishoni mwa faili, na faili zima hurudishwa kwa daktari alisome upya. Chatboti hufanya kazi namna hiyo. Unapotuma ujumbe wa tano, ule wa tano hauendi peke yake, bali mazungumzo yote hupelekwa pamoja nao ili yasomwe upya. Kwa sisi tunaoziunganisha chatboti na mifumo mingine, kinachopelekwa huonekana hivi:

```
[
 {"role": "user", "content": "Tafsiri: 8:30 a.m."},
 {"role": "assistant", "content": "saa 8:30"},
 {"role": "user", "content": "Hapana, ni saa 2:30 asubuhi."}
]
```

Marekebisho yako yako hapo kwenye mstari wa tatu wa mazungumzo, na ndiyo sababu siku ile ujumbe wote uliofuata ulitoka sahihi: kila mara ilipoandika, ilikuwa na maneno yako mbele yake. Mwenzako alipofungua simu yake alianza na faili tupu. Wewe nawe, ulipofungua mazungumzo mapya, ulianza na faili tupu.

Sasa kuna elimu ya daktari mwenyewe, ile aliyotoka nayo chuoni. Kwa chatboti, elimu hiyo ni mabilioni ya namba zilizopangwa wakati wa mafunzo. Namba hizo kwa pamoja huitwa modeli, na ndiyo inayotunga majibu. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020, kwa mfano, ilikuwa na namba bilioni 175. Mafunzo yakiisha, namba hizo hufungwa, na watumiaji wote huhudumiwa kwa namba zile zile. Kuzungumza nayo hakubadilishi hata moja. Maneno "nitalizingatia kuanzia sasa" yaliandikwa kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu wanaposahihishwa, na modeli imejifunza kuandika kama watu. Nyuma ya maneno hayo hakuna daftari lililofunguliwa.

Kumbukumbu anayoisema Asha ipo, na kwenye ChatGPT ilianza kujaribiwa mwaka 2024. Lakini ni karatasi ya maelezo inayobandikwa mwanzoni mwa faili lako kila unapoanza mazungumzo. Imefungwa kwenye akaunti yako, na mwenye akaunti nyingine haioni. Tena mara nyingi programu yenyewe ndiyo huchagua cha kuandika humo, kwa hiyo inaweza kuandika kwamba unafanya kazi zahanati na ikaiacha kanuni ya saa.

Kuhusu kusasisha, ndugu wa Mwenge, toleo jipya la programu ya simu hubadilisha vitufe na mwonekano. Modeli mpya ikitoka inaweza kuwa na elimu bora ya saa zetu, ila hilo litatokana na mafunzo yake mapya, na ujumbe ulioandika wiki hii kwenye zahanati hautakuwa umeifundisha usiku huo.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na jambo hili lilinikuta kwa njia nyingine. Mjukuu wangu aliiuliza chatboti wingi wa neno "ufunguo", ikamjibu vizuri kwamba ni "funguo". Yeye akaing'ang'ania kwamba ni "mafunguo", mara mbili tu, na ikamwomba radhi ikakubali! Nilikasirika, nikakaa nayo karibu saa nzima nikiifundisha ngeli ya U-ZI hadi ikaniandikia mifano kumi iliyo sahihi. Kumbe kazi yote ile ilibaki kwenye simu ya mtoto. Ninauliza kwa uchungu: kwa nini wenye chatboti hawaruhusu masahihisho ya wajuzi wa lugha yaingie moja kwa moja?

Fundi wa Mifumo

Mwalimu, kisa chako kina jibu ndani yake. Iliyokubali "mafunguo" kwa mjukuu ndiyo hiyo hiyo iliyokubali "funguo" kwako. Kama kila sahihisho lingebadilisha namba za ndani papo hapo, neno la mjukuu lingeingia kabla ya lako. Jambo kama hilo limewahi kutokea. Mwezi Machi 2016 Microsoft ilitoa chatboti iitwayo Tay kwenye Twitter, iliyokuwa ikichukua maneno kutoka kwa watu iliozungumza nao. Watu waliilisha matusi na ubaguzi kwa makusudi, na ikaondolewa kabla ya siku moja kuisha.

Kuna pia sababu ya kiufundi. Ukizisogeza namba ili kurekebisha jambo moja, unaweza kuharibu mengine ambayo modeli ilikuwa ikiyajua, kwa kuwa namba zile zile hubeba mambo mengi kwa pamoja. Kwa hiyo hukusanya mifano kwanza, huichuja, hufanya mafunzo, kisha hupima kabla ya kutoa.

Asha wa Pwani

Nimeelewa kuhusu akaunti, ahsante. Lakini kile kitufe cha kidole gumba kinachoelekea chini je? Mimi hukibonyeza kila inapokosea, nikiamini kwamba kuna mtu anayesoma.

Fundi wa Mifumo

Kinaweza kusaidia, ila kwa njia ndefu. Ukikibonyeza, mazungumzo hupelekwa kwa kampuni na yanaweza kuingia kwenye mafunzo ya modeli ya baadaye, kutegemea kanuni za kampuni. Hupati taarifa kama yako ilichaguliwa. Kwa zahanati ningesema msikibonyeze kwenye mazungumzo yenye majina ya wagonjwa. Majina na namba za simu hata kuyabandika humo si sawa, kwani Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andikeni "Mgonjwa 1", "Mgonjwa 2", kisha majina muyaweke wenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Wasemaji wa Kiswahili wasipobonyeza, nani atawaambia kwamba saa zetu zinakosewa? Mazungumzo yasiyo na siri za watu yabonyezwe, hata kama jibu halionekani.

Mpokeaji wa Wagonjwa

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma haya niliandika maelezo yafuatayo, nikamtumia mwenzangu nakala, na sasa kila mmoja wetu huyabandika mwanzoni mwa kila mazungumzo mapya: "Saa zote ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili. 7:00 a.m. ni saa 1 asubuhi. 8:30 a.m. ni saa 2:30 asubuhi. 2:00 p.m. ni saa 8 mchana. Taja kipindi cha siku kila mara." Majina tumeyaondoa. Nilijaribu miadi kumi katika mazungumzo mapya, tisa zikatoka sahihi. Ya kumi ilikuwa 12:00 p.m., ambayo ni saa 6 mchana, nayo ikaandika "saa 12 mchana". Je, niongeze mfano huo, au kuna kasoro katika maelezo yangu?

Fundi wa Mifumo

Ongeza huo na wa 6:00 a.m., ambayo ni saa 12 asubuhi, kwa sababu makosa hujificha kwenye mipaka hiyo. Angalieni pia urefu wa mazungumzo: orodha ikiwa ndefu mno, maelezo ya mwanzoni huweza kupoteza nguvu au kuachwa nje kabisa. Dalili yake ni kwamba ujumbe wa kwanza huwa sahihi na wa mwisho hurudia kosa la zamani. Fungueni mazungumzo mapya kwa kila miadi ishirini hivi, na mbandike maelezo upya.

Ila mimi, kwa mgonjwa asiyetakiwa kula, nisingeiachia chatboti saa hata kidogo. Kama miadi iko kwenye Excel na saa imeandikwa kwenye A2, fomula hii hutoa saa ya Kiswahili bila kubahatisha, kisha dakika mnazichukua zilivyo:

```
=MOD(HOUR(A2)+5,12)+1
```

Saa 8 ya Kiingereza itatoa 2, saa 12 ya adhuhuri itatoa 6, na saa 6 ya alfajiri itatoa 12. Neno "asubuhi" au "mchana" mliandike wenyewe.

Mpokeaji wa Wagonjwa

Nimeijaribu kwa miadi yote ya wiki hii, na zimetoka sahihi hata ile ya 12:00 p.m. Kuanzia leo chatboti tunaipa maneno tu, na saa tunaijaza wenyewe kutoka kwenye jedwali. Yule bibi ana miadi Alhamisi. Ujumbe wake nimeuandika kwa mkono wangu, "saa 2:30 asubuhi", kisha nimempigia simu kijana wake akausome kwa sauti nikiwa ninasikiliza.