Mrejesho: mkengeuko sanifu au kosa sanifu?

Niliuliza: "Nina sampuli 4 huru, kila moja nimeipima mara 3. Kwenye matokeo niandike wastani ± nini?"

Asanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa kutafuta kwanza wastani wa kila sampuli: 10, 12, 14 na 16 mg/L. Nimeandika 13.0 ± 2.6 (mkengeuko sanifu, n = 4), kwa kuwa nilitaka kuonyesha sampuli zinavyotofautiana. Kosa sanifu, 2.58/√4 = 1.29, linaeleza tu uhakika wa wastani. Awali niligawanya kwa √12, kana kwamba vipimo vya marudio ni sampuli huru, na ± ikawa ndogo isivyostahili.

Kilichokwama ni jedwali la zamani: lina kosa sanifu bila n, hivyo haliwezi kugeuzwa kuwa mkengeuko. Nimeliacha nje ya ulinganisho.