GS/GOGAT au GDH: E. koli anaingiza amonia kwa njia ipi?

Mpimaji_Moro: Wakuu habari za jioni. Nina mutanti wawili wa E. koli, mmoja hana enzaimu ya GDH (jini lake gdhA limeng'olewa), mwingine hana enzaimu ya GOGAT (jini gltB), pamoja na yule wa kawaida wa kulinganishia. Supavaiza anataka jibu moja tu, bakteria akipewa glukosi na amonia peke yake, nitrojeni inaingia kwenye amino asidi kupitia mlango gani? Kwenye M9, chakula cha maabara kisicho na amino asidi, yenye amonia 20 mM wote watatu wameota freshi. Nikashusha mpaka 0.5 mM, asubuhi nikapima, wote watatu wako chini ya OD600 ya 0.2, yaani ukungu wa seli kwenye flaski ni mdogo. Naona njia zote mbili zinashindwa amonia ikipungua, kwa hiyo ni zilezile tu. Niandike hivyo?

Kemia_Safi: Andika GDH mkuu, usijisumbue. Hatua moja tu, oksoglutarati inachukua amonia na NADPH inatoka glutamati, ATP haiguswi. GS, enzaimu ya njia ile nyingine, inakula ATP kwa kila amonia, na ikimaliza imekupa glutamini, sio glutamati. Bakteria gani atalipia kitu kinachopatikana bure? GS ipo kwa ajili ya glutamini basi.

Mama_Mahindi: Samahanini naingilia, mimi mkulima. Mwaka jana niliweka urea mahindi yakaungua majani, je ni hiyo amonia kushindwa kuingia? Na kuna dawa ya magugu jirani anasema inaua jani kwa amonia yake lenyewe, nikajua ananitania.

Fundi_Nitrojeni: Mama Mahindi, hapo kwa urea inawezekana punje zilikaa kwenye shingo ya jani, hiyo inaunguza tu, haihusiani na huu uzi. Ila kwa dawa jirani hakutanii, nitarudi kwako.

Mpimaji, kabla ya enzaimu tuanze na hesabu ya flaski yako. Amonia 0.5 mM ni miligramu 7 za nitrojeni kwa lita. Seli kavu ya bakteria ina nitrojeni kama asilimia 14, kwa hiyo hata kila chembe ikitumika unapata miligramu 50 za seli kwa lita, na OD ya 1 ni kama gramu 0.4, ukigawanya unaishia OD ya 0.12 hivi. Maana yake hata bakteria mzima kabisa hawezi kupita hapo, nitrojeni imeisha. Ukipima asubuhi unaona mwisho wa chakula, huoni nani alikuwa anakula haraka. Pima kila nusu saa uangalie mwendo.

Halafu niambie mbegu uliiotesha kwenye nini?

Mpimaji_Moro: LB usiku kucha, nikaweka 1 kwa 100.

Fundi_Nitrojeni: Nilijua. LB imejaa amino asidi, hiyo moja ya mia inaweza kubeba nitrojeni inayofikia au kuzidi ile 0.5 mM uliyoipima kwa umakini wote, na ndani yake kuna glutamati, kitu kilekile ambacho mutanti wako anatakiwa ahangaike kukitengeneza. Otesha mbegu kwenye M9 ya 20 mM, zungusha, osha mara mbili kwa M9 isiyo na amonia, ndo uanze.

Sasa Kemia, kuhusu ATP uko sahihi, ila umesahau GOGAT. GS inachukua glutamati, amonia na ATP inatoa glutamini. GOGAT inachukua hiyo glutamini na oksoglutarati, na NADPH, inatoa glutamati mbili. Moja inarudi kwa GS, moja ni faida. Ukijumlisha umepata glutamati ileile ya GDH, umelipa ATP moja zaidi. Na malipo hayo yananunua mshiko: GS ya E. koli inafika nusu ya kasi yake kwenye amonia 0.1 mM hivi, GDH inahitaji kama 2 mM. Kwenye 20 mM GDH inakimbia kwa asilimia 90 ya uwezo wake, hakuna shida. Kwenye 0.5 mM GS bado iko zaidi ya asilimia 80, GDH imeshuka 20, na kwenye 0.1 mM GDH iko 5 tu. Ndo maana kwenye 20 mM hukuona tofauti, mutanti wa gltB alikuwa anabebwa na GDH.

Na usijione mjinga Kemia, mpaka 1970 wengi waliamini kama wewe. Tempest na wenzake walikuwa wanaotesha Klebsiella mfululizo kwa amonia ya kubana, wakakuta GDH karibu haipo na bakteria anaota tu, ndo GOGAT ikajulikana.

Nesi_wa_Zamu: Mbona sisi wodini tunasoma GDH inatoa amonia, haiingizi? Na hizo AST na ALT za vipimo vya ini zinaingia wapi?

Fundi_Nitrojeni: Dada hizo AST na ALT ndo hatua inayofuata. Glutamati ikishapatikana inagawa ile nitrojeni, AST inaihamishia kwenye oksaloasetati inakuwa aspartati, ALT kwenye piruvati inakuwa alanini, na bakteria naye ana enzaimu za aina hiyo. Nitrojeni nyingi ya amino asidi inapita kwa glutamati, iliyobaki inatoka kwa glutamini, mfano ya triptofani na ya purini. Kuhusu GDH ya ini, inaweza kwenda pande zote mbili, na mwelekeo wake ndani ya seli hai watu bado wanabishania, mimi sio wa wodini sikusemei.

Mama Mahindi, dawa ya jirani nadhani ni ya glufosinati. Inaziba GS ya jani, amonia inajaa. Na Kemia sikiliza hapa, jani hilohilo lina GDH nzima kwenye mitokondria na bado haiokoi kitu. Kwa mimea GDH sio mlango wa kuingilia, nyingi yake inafanya kazi ya kuvunja glutamati.

Mama_Mahindi: Asante baba. Kumbe nisiipulize karibu na mahindi.

Fundi_Nitrojeni: Usithubutu, haichagui.

Mpimaji_Moro: Nimerudia. Nimeosha mbegu, nimepima kila nusu saa. Kwenye 0.5 mM wa kawaida na asiye na GDH wamepanda pamoja kama mapacha wakasimama kwenye 0.12, asiye na GOGAT anajikokota, wenzake wakiwa wameshasimama yeye hajafika hata nusu. Nikamuongezea amonia mpaka 20 mM akaondoka. Sasa kinachonichanganya, asiye na GDH hana shida yoyote mahali popote. Kama haina kazi mbona bakteria anaitunza?

Fundi_Nitrojeni: Geuza ubanaji. Amonia iwe nyingi, ubane glukosi, halafu waoteshe wawili pamoja kwenye chombo kimoja, wa kawaida na asiye na GDH. Wakiwa mbalimbali huoni kitu, wakishindana asiye na GDH anaachwa pole pole, maana ile ATP moja kwa kila glutamati sasa inauma.

Kemia_Safi: Kwa hiyo nilikuwa sahihi, bure ni bora 😂

Fundi_Nitrojeni: Ukiwa na amonia ya kumwaga na njaa ya glukosi, ndio.

Kemia_Safi: Basi tumboni kwa mtu je? Utumbo mpana una amonia kibao na sukari ya kugombania, huko si GDH tupu?

Mpimaji_Moro: Huko pia kuna amino asidi za kuokota Kemia, labda hatumii hata moja kati ya hizo mbili. Kuna mtu amewahi kuwashindanisha hawa ndani ya panya badala ya flaski?