Tupeane uzoefu: unaposahihisha meseji ya mtu, unajuaje kakosea au ndo kwao wanavyosema?

Mdau wa Kirumba: Wakuu habari za mchana. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kirumba mimi ndo napitia meseji kabla hazijaenda kwa wanachama. Tunatuma zile za kawaida za herufi 160 maana wengi wana viswaswadu, ikizidi hapo tunakatwa hela ya meseji mbili. Juzi katibu kaniletea hii:

"Wanakikundi kikao J2 saa 4 asubui. Mje na vitabu zenu, vitabu vyote vitakaguliwa. Wanaochelewaga faini 2000. Asiye kuja atoe taarifa."

Nikaifumua yote. Katibu, Msukuma wa Magu, akanuna kabisa, akasema "wanaochelewaga" sio kosa ndo tunavyoongea. Nimewaza siku mbili naona kama hapo ana haki. Nyie mnatofautishaje?

Mwalimu Mstaafu: Katibu wako yuko sahihi hapo. Mimi huwa naangalia kwanza kama hicho kitu kina utaratibu. Hiyo -ga ina utaratibu wake kabisa, anachelewa anachelewaga, na ukikanusha inageuka -gi, hachelewagi, halipagi, hatulagi. Hakuna mtu wa Mwanza atakwambia "hachelewaga", mtoto wa miaka minne tu anajua. Kisukuma chenyewe kina -aga yake, na ukivuka kwenda Kenya utakuta wanasema anachelewanga. Kosa halinaga sheria namna hiyo. Sasa angalia vitabu. Kaandika "vitabu zenu", halafu maneno mawili mbele "vitabu vyote vitakaguliwa". Mtu yuleyule, mstari uleule, kwa hiyo ya pili inakuonyesha kwamba vy- anaijua, ile ya kwanza imemponyoka. Na "asiye kuja" usiumize kichwa, ile nafasi ya katikati haitamkwi, sasa itakuwaje lafudhi ya mahali? Unganisha, asiyekuja.

Dagaa Mkavu: Mimi nauza dagaa, nina mteja Mombasa. Mwaka wa kwanza akaniandikia "Ndoo Jumatatu na gunia 20". Nikamuuliza ndoo za nini na wewe unachukua kwa gunia, akakaa kimya, nadhani alijua namkejeli. Siku ya pili akaandika "ndia imeharibika kwa mvua". Hapo ndo nikashtuka, ndia ni njia, basi na ile ndoo ni njoo! Kwao pale penye nj yeye anaweka nd. Ingekuwa kateleza kidole ingetokea mara moja tu, huyu alikuwa anarudia kwenye maneno tofauti. Nilimpigia nikamwomba radhi.

Mwalimu Mstaafu: Hicho ni Kimvita safi ndugu yangu, na njaa wanaita ndaa. Kiswahili cha vitabuni kilijengwa juu ya Kiunguja, walikubaliana kwenye mkutano hukohuko Mombasa mwaka 1928, ndo maana sisi njoo tunaiona ya kawaida. Ingechukuliwa Kimvita leo wewe ndo ungesahihishwa.

Wa Sirari: Mi napinga hapo kwenye vitabu zenu. Huku mpakani nasikia kila siku vitabu zangu, viti zetu, na Wakenya wengi wanasema hivyo, kwa hiyo kama -ga ni halali na hiyo ni halali.

Mwalimu Mstaafu: Kwa anayeongea hivyo siku zote nakubali, una hoja. Ila katibu haongei hivyo siku zote, ushahidi uko kwenye meseji yake.

Wa Sirari: Bado sijaridhika. Watu wengi tunachanganya, leo zenu kesho vyenu, na wote tunaelewana.

Mama Junia: Samahani, mimi simu yangu ndo inanibadilishia, naandika "kesho" inaweka neno la kizungu. Hiyo inazimwaje?

Dagaa Mkavu: Nenda kwenye mipangilio ya kibodi dada, zima ya kusahihisha yenyewe.

Mdau wa Kirumba: Na r na l je? Mweka hazina wetu ni wa Tarime, aliwahi kuandika "baada ya kikao kutakuwa na kura". Watu wakaja wamejipanga kumtoa mwenyekiti, kumbe ni wali!

Mwalimu Mstaafu: Pole sana. Mkuria anaweka r penye l, Msukuma anakwambia "kalibu". Utaratibu upo na mdomoni sina ugomvi nao. Kwenye meseji rekebisha bila kusita, maana kura na kula yote ni maneno, na msomaji hasikii sauti ya mtu akajua anatoka wapi.

Mdau wa Kirumba: Nimeirudia hivi, nimemtumia katibu aione kwanza:

"Wanakikundi kikao J2 saa 4 asubuhi. Mje na vitabu vyenu, vyote vitakaguliwa. Wanaochelewaga faini 2000. Asiyekuja atoe taarifa."

Kajibu "sawa kaka, hii ni yangu". Ila mwenyekiti anasema -ga itolewe kwa sababu barua za kikundi zinafika mpaka halmashauri. Hii ni meseji ya wanachama, sio barua. Bado tunavutana.