Tangazo la sekunde 30: SSML, mabano, au maelezo ya kawaida?

BintiPwani: Wakuu, nina tangazo la duka la khanga, litasomwa na sauti ya kompyuta. Mwanzo nataka utulivu, bei isikike vizuri, mwisho uchangamfu. Nimeona njia tatu: SSML ya Azure, yaani lebo za kuelekeza sauti isome vipi, mabano kama `[excited]` ya ElevenLabs v3, au kuieleza sauti kwa sentensi, kama kwenye `gpt-4o-mini-tts`. Ipi inafaa Kiswahili?

MzeeWaMaiki: Tenganisha mwendo na hisia, dada. Mwendo upe SSML: ukiandika kimya cha nusu sekunde, unapata nusu sekunde kila ukirudia. Bei ningeiandika hivi:

```xml
Doti ya khanga sasa ni
<break time="400ms"/>
<prosody rate="-15%">elfu nane tu.</prosody>
<break time="600ms"/>
```

Kimya cha kwanza kinamfanya mtu atege sikio, cha pili kinampa nafasi ya kuishika bei. Na iandike kwa maneno, maana "8,000/=" inaweza kusomwa ovyo. Hisia ndipo inapokwama: mitindo kama `cheerful` ipo kwa baadhi ya sauti za Kiingereza, lakini Rehema na Daudi, sauti za Kiswahili za Azure, hawana.

Kijana_K: Mbona mnajisumbua? Weka alama za mshangao tatu tatu, sauti inachangamka yenyewe.

MzeeWaMaiki: Moja inasaidia, kijana wangu. Ukizirundika, kila kitu kinapanda, bei haiwi na uzito zaidi ya "karibuni".

DirishaLa3: Mimi natengeneza sauti za kuita wagonjwa kwenye foleni. SSML inanitosha kabisa. Namba naipunguzia kasi na kuirudia, basi. Huo uchangamfu wa nini?

SikioLaStudio: Tangazo la biashara bila hisia halimsimamishi mtu, ndugu yangu. Binti, kwa hisia mimi nachagua v3. Mabano yakae mbele ya sentensi inayohusika, na yasizidi moja kwa kila sehemu. Ila v3 haifuati `<break>`, kwa hiyo kimya unakitafuta kwa nukta tatu, na urefu wake hubadilika kila ukitoa sauti upya. Toa kadhaa, uchague. Ukiyaweka mabano hayo kwenye modeli ya zamani, huenda ukasikia "excited" ikisomwa katikati ya tangazo!

Maelezo ya sentensi hushika hali ya kipande kizima, kwa hiyo gawa skripti mara tatu. "Kwa furaha" pekee haitoshi. Andika "kama muuzaji anayemwita jirani aliye hatua mbili, polepole, tabasamu lisikike". Unganisha vipande pale muziki unapobadilika, la sivyo sauti itaruka na msikilizaji atagundua.

BintiPwani: Nimeelewa, nitagawa. Maelezo niyaandike Kiswahili au Kiingereza?

MzeeWaMaiki: Kiingereza, ndicho modeli inakielewa zaidi.

SikioLaStudio: Hapo sikubaliani nawe, mzee. Nikielekeza kwa Kiingereza, lafudhi nayo huanza kuelekea huko. Binti, jaribu zote mbili kwa mstari wenye "ng'" na "gh", usikilize kwa spika ya simu.