Naomba ushauri: dada wa mikopo kajitumia faili la wanachama

Wakuu, nasimamia mifumo kwenye saccos moja. Ijumaa jioni dada wa mikopo alituma faili la wanachama 400 kwenye Gmail yake binafsi. Anasema alitaka kumalizia ripoti nyumbani, na kweli siku hiyo VPN ilikuwa imekatika. Hakubadilisha jina la faili, hakufuta ujumbe kwenye Sent, na faili lilihusu kazi yake. Mwizi kwa kawaida huficha nyayo, kwa hiyo mimi naona kapitiwa tu.

Meneja anataka tusome barua pepe za wote kimyakimya. Inaniumiza. Napendekeza tufuatilie mafaili ya wanachama tu, kwa kila mtu, meneja akiwemo, na tuwatangazie kabla.

Mliofanya hivyo, nani anaruhusiwa kufungua kumbukumbu za ufuatiliaji huo zenye jina la mtu?