Hadithi yangu: mtoto wa kwaya kakaukiwa sauti kabla ya Pasaka. Aimbe au asiimbe?

Mtunzi wa Tukuyu
Wakuu, naomba ushauri. Naandika hadithi fupi ya mvulana wa miaka 13, sauti ya kwanza katika kwaya ya Moraviani kule Rungwe. Kapewa ubeti wa kuimba peke yake Pasaka alfajiri, ibada ya makaburini. Alhamisi Kuu anaamka sauti hakuna. Bibi anamchemshia tangawizi, Jumapili anaimba vizuri kabisa. Rafiki yangu kasema haamini. Nirekebishe wapi?

Mwalimu wa Solfa
Amua kwanza sauti imekwenda kwa nini. Kama ni mafua na mazoezi ya kila jioni kwenye ukungu wa masika, atakwaruza hata akisema shikamoo. Kama anabalehe, ataongea vizuri na kuanza wimbo vizuri, ila akipanda kuitafuta do ya juu sauti inapasuka na kuporomoka. Hiyo haina dawa. Mimi ningeandika hiyo, maana mtoto anasubiri kupona kitu ambacho si ugonjwa.

Mama wa Njombe
Pole sana na mwanao! Wangu nilimpa tangawizi, limau na asali, nikamwambia anong'one tu. Kesho yake akaongea.

Nesi Makete
Dada, huyo ni mtoto wa hadithini. Asali na maji ya vuguvugu vinatuliza koo, sawa, ila unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Na kunong'ona kwa nguvu kunazichosha, bora anyamaze. Mtunzi, mafua ya namna hiyo huchukua wiki moja, hata mbili. Jumapili anaweza kuwa anaongea, lakini noti za juu huchelewa kurudi. Antibayotiki usimpe, mara nyingi ni virusi. Ukiandika kwamba anapumua kwa shida, basi hadithi ihamie hospitali usiku huohuo.

Kijana wa Uyole
Kama anabalehe, mhamishie besi. Kwisha.

Mwalimu wa Solfa
Besi kwa siku tatu? Sauti ya umri huo huyumba kwa miezi. Leo inashika, kesho inateleza. Kinachowezekana ni mwalimu kushusha do. Kwenye solfa do iko pale mwalimu anapoitoa, kwa hiyo kijana anaimba maneno yaleyale bila kuigusa ile noti inayompasua.

Mtunzi wa Tukuyu
Asante sana, nachukua ya kubalehe. Bibi abaki na tangawizi yake, akiamini itasaidia. Mwalimu anashusha do palepale makaburini, kwaya nzima imesimama na baridi.

Nesi Makete
Mimi ningemwacha asiimbe. Ubeti apewe binti wa sauti ya pili, yeye asikilize.

Mwalimu wa Solfa
Hapana, aimbe. Ila Mtunzi, ukishusha do, besi nao wanashuka. Kiitikio kikiingia watakuwa chini mno, alfajiri ile hawatasikika. Hapo mwalimu wako anafanyaje?