Naomba ushauri: nukuu moja inayogusa dhamira mbili

Wakuu, habari za kazi. Naandika sura ya matokeo ya utafiti wangu kuhusu wachuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Msimamizi hataki kurasa nzima za mahojiano, na ana hoja: ukimwaga nusu ukurasa wa maneno ya mshiriki, kazi ya kuchambua unamwachia msomaji. Kwa hiyo kila dhamira naifungua kwa sentensi inayosema nilichokiona, naeleza nani wanatofautiana, kisha nukuu ya mistari miwili na tafsiri yangu chini yake.

Nimekwama hapa: "Mvua ikinyesha dagaa hawakauki, lakini tajiri anataka hela yake ileile" (Mshiriki 07, mchuuzi). Inagusa uanikaji na mkopo pia. Nikiirudia kote, Mshiriki 07 ataonekana ndiye utafiti mzima. Nikiikata mwanzo na kuweka nukta tatu, sababu ya deni inapotea. Naegemea kuiacha kwenye mkopo, uanikaji nitafute sauti nyingine. Ninyi mngefanyaje?

Halafu, mwenyekiti wa kikundi pale mwaloni ni mmoja tu. Nikitaja cheo, atajulikana hata bila jina. Mnamtambulishaje mtu wa hivyo?